Budha: Mtawa aliyefunza kuwa dhiki ina chanzo na ina tiba

WATAWA watano waliokuwa wakiishi katika Bustani ya Paa pale Isipatana, nje kidogo ya mji wa Varanasi kaskazini mwa India, walimwona mtu akija kwa mbali na wakamtambua mara moja. Alikuwa mwenzao wa zamani. Walikuwa wamemtumikia kwa muda mrefu wakitumaini kwamba siku atakapoipata kweli atawamegea na wao, lakini alipoanza kula chakula cha kawaida walimwona ameisaliti njia wakamwacha. Sasa walipatana kwamba hakuna atakayemsimamia, wala atakayempokea bakuli na joho lake. Akitaka kuketi, na aketi.

Mapatano hayo yalivunjika kabla mgeni hajawafikia. Mmoja alimpokea bakuli, mwingine akamtandikia pa kukaa, wa tatu akamletea maji ya kuosha miguu. Hata hivyo, kumtandikia mtu mkeka si kumwamini. Mara tatu aliwaeleza kwamba ameipata kweli waliyokuwa wakiitafuta, na mara tatu walimkatalia, wakihoji vipi mtu aliyeshindwa kufika kwa kujinyima awe amefika kwa kushiba. Ndipo akawauliza iwapo siku zote walizoishi pamoja waliwahi kumsikia akisema maneno kama hayo. Walipofikiri waliona hawajawahi. Wakakubali kumsikiliza.

Mafunzo aliyowapa yanajulikana hadi leo kama Kweli Nne Tukufu, na ndani yake mna Njia Tukufu ya Sehemu Nane. Aghalabu mafunzo hayo huorodheshwa vitabuni kama kanuni za kukaririwa. Atakayeyasoma pamoja na maisha ya mtu aliyeyatoa, hata hivyo, atagundua kwamba kila kipengele chake kina jeraha lake na historia yake.

Mtu huyo ni Siddhartha Gautama, ambaye ulimwengu unamjua kwa lakabu ya Budha, yaani aliyezinduka. Alizaliwa Lumbini, mahali ambapo leo ni Nepali, katika ukoo wa Washakya. Mfalme Ashoka alizuru mahali hapo katika karne ya tatu kabla ya Kristo na kusimamisha nguzo ya mawe yenye maandishi, ambayo wataalamu waliigundua upya mwaka wa 1896. Kuhusu miaka yake, mapokeo mashuhuri humweka kati ya 563 na 483 kabla ya Kristo, ingawa wanahistoria wengi wa leo wanaamini kuwa alifariki karibu na mwaka wa 400. Kinachokubaliwa na wengi ni kwamba aliishi miaka 80.

Hadithi inayopendwa sana ni ile ya mwana wa mfalme aliyefungiwa katika anasa, kisha siku moja akatoka na kumwona mzee, mgonjwa, maiti na mtawa. Ni hadithi nzuri, lakini katika maandiko ya kale zaidi inasimuliwa juu ya Budha mwingine wa zama za mbali, si juu ya Gautama. Maandiko hayo yanamwonyesha Gautama akijieleza kwa namna ya kawaida zaidi. Alikuwa kijana wa jamaa yenye uwezo, aliyetambua kwamba yeye mwenyewe atazeeka, ataugua na atakufa, na kwamba alikuwa akikimbilia vitu ambavyo navyo vitazeeka na kuharibika. Utambuzi huo ulimwondolea ulevi wa ujana. Alipotimiza miaka 29 aliondoka nyumbani, na kwa mujibu wa mapokeo alimwacha mkewe na mtoto mchanga wa kiume, Rahula. Wengi wetu kitendo hicho kinatukwama kooni, na sioni sababu ya kukipamba.

Alianza kwa kujifunza kwa walimu wawili waliokuwa na sifa kubwa, Alara Kalama na Uddaka Ramaputta. Walimfundisha kuituliza akili mpaka ikafikia kina ambacho hakina sura wala mawazo. Aliyamudu yote, na Alara akamwomba waongoze wanafunzi pamoja. Gautama alikataa. Alikuwa ameona kwamba utulivu ule, uwe wa kina kiasi gani, una mwisho, na mtu akiuacha dhiki humkuta pale pale alipoiacha.

Baadaye alijitesa. Kwa takriban miaka sita alikaa misituni karibu na Uruvela, katika jimbo ambalo leo huitwa Bihar, akizuia pumzi na kupunguza chakula hadi akigusa ngozi ya tumbo anashika uti wa mgongo. Wale watawa watano walimhudumia wakati huo. Alipokaribia kufa alikumbuka siku moja ya utotoni, ambapo baba yake alikuwa kazini na yeye ameketi peke yake chini ya kivuli cha mzambarau, akili yake imetulia na moyo wake una furaha isiyodai kitu. Akajiuliza kwa nini aiogope furaha isiyo na uchu wala ubaya ndani yake. Na kwa kuwa mwili uliodhoofika hauwezi kuibeba furaha kama hiyo, akala wali. Watano wale wakaenda zao.

Muda si mrefu baadaye, akiwa na miaka 35, aliketi chini ya mti wa jamii ya mtini mahali panapoitwa sasa Bodh Gaya na kufikia kile alichokuwa akikitafuta. Kisha akatembea zaidi ya kilomita 200 kwenda Isipatana.

Kwa hivyo msomaji ataelewa kwa nini jambo la kwanza alilowaambia halikuwa kweli nne, bali njia ya kati. Aliwaeleza kwamba kuna ncha mbili za kuepukwa: kujitosa katika anasa na kujitesa. Hakuwa akinadharia. Ncha ya kwanza aliiishi nyumbani na ya pili waliiona wenyewe kwa macho yao.

Kweli ya kwanza inahusu dukha. Neno hili la Kihindi cha kale hutafsiriwa mara nyingi kuwa mateso, na tafsiri hiyo imewafanya wengi wadhani kwamba Budha alifundisha kuwa maisha ni kilio kitupu. Dhiki inalikaribia zaidi. Linagusa maumivu ya kuzaliwa, kuzeeka, kuugua na kufa, lakini pia kuishi na tusichokipenda, kutengwa na tunachokipenda, na kutaka tusipate. Hata raha imo humo, si kwa kuwa ni mbaya, bali kwa kuwa haikai, nasi tunaishika kana kwamba itakaa.

Masimulizi ya baadaye yanaieleza kweli hii kupitia kwa mwanamke wa mji wa Savatthi aliyeitwa Kisagotami. Mwanawe wa pekee alikufa, naye akambeba maiti nyumba hadi nyumba akiomba dawa. Budha hakumkemea wala kumhubiria. Alimwagiza alete punje za haradali, kiungo kilichokuwa katika kila jiko, mradi zitoke katika nyumba ambayo haijawahi kufiwa. Haradali alipewa kila mahali, lakini nyumba isiyofiwa hakuipata. Jioni alikwenda kumzika mtoto wake. Zingatia kwamba hakuambiwa asilie. Kilichomtoka ni ile dhana kwamba msiba umemchagua yeye peke yake.

Kweli ya pili hutaja chanzo. Neno analolitumia ni tanha, ambalo maana yake ya moja kwa moja ni kiu, na bahati nzuri Kiswahili nacho husema mtu ana kiu ya mali au ya madaraka. Budha aliitaja kiu ya aina tatu: kiu ya starehe za hisia, kiu ya kuwa kitu fulani, na kiu ya kutokuwapo kabisa. Hii ya tatu husahauliwa, ilhali ndiyo inayomwelemea mtu anayetamani tu kila kitu kimwondokee. Bila shaka aliwalenga pia wale watano, kwa kuwa kujitesa ni kiu iliyovaa nguo za utakatifu.

Hapa wengi huuliza swali lenye haki. Ikiwa tamaa ndiyo chanzo, je, kutaka kuiondoa tamaa si tamaa nyingine? Swali hilo aliulizwa Ananda, msaidizi wa Budha, na Mbrahmini aliyeitwa Unnabha walipokutana katika bustani moja mjini Kosambi. Unnabha aliona kwamba kazi hiyo haitakwisha milele. Ananda alimjibu kwa kumuuliza iwapo kabla ya kuja pale hakuwa na hamu ya kufika bustanini, na iwapo hamu hiyo haikutulia alipofika. Unnabha akakiri kwamba ndivyo. Ipo hamu inayokufa kwa kutimizwa na ipo kiu inayozidi kwa kunyweshwa. Njia huitumia ile ya kwanza kuiondoa ya pili, na anayedhani kwamba Ubudha unadai mtu asitake lolote amekosea hapo.

Kweli ya tatu yasema kwamba kiu hiyo ikikoma, dhiki hukoma. Hali hiyo huitwa nirvana, neno linalotokana na kuzimika kwa moto. Mpaka wake lazima uelezwe vizuri. Maumivu ya mwili hayakomi kwa aliyezinduka. Budha mwenyewe alikuwa akisumbuliwa na mgongo uzeeni, na siku moja katika mji wa kwao wa Kapilavastu alimwachia Ananda aendelee kufundisha ili yeye ajinyooshe. Alilieleza jambo hilo kwa mfano wa mishale miwili. Mtu asiyefunzwa akipigwa na mshale hujichoma wa pili: huomboleza, hukasirika, huuliza kwa nini yeye. Aliyefunzwa huuhisi mshale mmoja tu. Kinachokoma ni ule wa pili.

Kweli ya nne ni njia yenyewe. Lakini kabla ya kuifikia, kuna jambo katika hotuba ya Isipatana ambalo wanaoanza huliruka. Budha hakuzitaja kweli nne na kunyamaza. Kila moja aliipa kazi yake. Dhiki ni ya kueleweka. Chanzo chake ni cha kuachwa. Kukoma kwake ni kwa kushuhudiwa na mtu mwenyewe. Njia ni ya kukuzwa. Alisema kwamba hakujiita aliyezinduka hadi alipojua kweli hizo, akajua kazi ya kila moja, na akajua kuwa kazi hiyo imekwisha. Wafafanuzi wa baadaye walizilinganisha na kazi ya tabibu anayetambua maradhi, akatafuta kisababishi, akajua kwamba yanapona, kisha akaandika dawa. Anayechanganya kazi hizo hujidhuru: atajaribu kuiacha dhiki bila kuielewa, na hapo atakuwa anaikimbia tu, au ataielewa kiu yake kwa miaka bila kuiachilia.

Dawa ina viambato vinane. Cha kwanza ni mtazamo sahihi, yaani kuyaona mambo kwa mujibu wa kweli hizo nne, na cha pili ni nia sahihi, ile iliyoachana na uchu, chuki na ukatili. Hivyo viwili ni vya hekima. Vinavyofuata vitatu ni vya maadili: usemi, matendo na riziki. Vya mwisho vitatu ni vya malezi ya akili: juhudi, uangalizi na utulivu. Havipandwi kama ngazi, kwamba umalize kimoja ndipo uguse kingine. Husokotwa pamoja kama nyuzi za kamba, ingawa mtazamo ndio hutangulia kwa kuwa ndio unaoonyesha upande wa kuelekea.

Usemi sahihi ni kuacha uongo, fitina, maneno makali na porojo. Huo wa nne ndio unaotutia aibu sisi tunaoishi kwa kuandika. Budha alipima neno kwa ukweli wake, kisha faida yake, kisha wakati wake. Neno la kweli na lenye faida alikuwa tayari kulisema hata kama linachukiza, lakini alisubiri saa yake. Matendo sahihi ni kutoua, kutoiba na kutozini. Riziki sahihi kwa mtu wa kawaida ni kutojipatia chumo kwa kuuza silaha, viumbe hai, nyama, vileo au sumu.

Namna ya kuyafanya hayo aliieleza vizuri zaidi alipomfundisha Rahula, yule mtoto aliyemwacha, ambaye baadaye aliingia utawani akiwa mdogo. Baba alibakisha maji kidogo katika chombo cha kuoshea miguu, akasema utawa wa anayesema uongo bila haya ni mdogo kama hayo. Akayamwaga, akakifudikiza chombo, kisha akaonyesha kilivyo kitupu. Baada ya hapo alimuuliza kioo kina kazi gani. Rahula alijibu kwamba ni cha kujitazamia. Basi, akaambiwa, na kila tendo litazamwe hivyo hivyo: kabla ya kulitenda, wakati wa kulitenda na baada ya kulitenda, kwa kujiuliza kama litamdhuru mwenyewe au mwingine. Likidhuru kabla, lisitendwe. Likidhuru katikati, likomeshwe. Likishadhuru, liungamwe kwa mwenye busara na lisirudiwe. Sijui maelezo mepesi kuliko hayo kwa mtu anayetaka kuanza leo.

Juhudi sahihi ni kuzuia ubaya usiozuka bado, kuacha uliozuka, kuzusha wema ambao haujazuka na kuutunza uliopo. Hapa ndipo wenye bidii huharibikiwa. Sona, kijana wa tajiri aliyeingia utawani karibu na mji wa Rajagaha, alitembea huku na huko akitafakari mpaka nyayo zake zikachubuka. Asipoona matunda akaanza kuwaza kurudi kwenye mali yake. Budha alimwendea, na kwa kuwa Sona alikuwa fundi wa ala ya nyuzi kabla ya utawa, alimuuliza ala hiyo hulia vipi nyuzi zikikazwa mno, na hulia vipi zikilegezwa mno. Sona alijua kwamba katika hali zote mbili hailii vyema. Akafunzwa kuipima bidii yake kwa namna hiyo: ikizidi huleta fadhaa, ikipungua huleta uvivu. Dalili za kutazama ni hizo mbili.

Uangalizi sahihi ni kuufuatilia mwili, hisia, hali ya akili na mambo yanayopita ndani yake, bila kuvutwa wala kusukumwa navyo. Unapofikia upole wa kutosha, akili hukusanyika pamoja, na huo ndio utulivu sahihi, sehemu ya nane. Msomaji makini atakumbuka kwamba tulikwisha kuuona. Ni ule wa mtoto chini ya mzambarau. Walimu wake wawili walimpa utulivu ulio mkubwa zaidi, lakini ulisimama peke yake. Huu umewekwa ndani ya njia, ukiegemea maadili na ukiongozwa na mtazamo, kwa hivyo unatumika kuiona kiu inavyozuka na kukoma badala ya kujificha nayo.

Pale Isipatana, wa kwanza kuelewa alikuwa Kondanna. Aliona kwamba kila kinachozuka kwa sababu hukoma sababu ikikoma. Wenzake wanne, Vappa, Bhaddiya, Mahanama na Assaji, walielewa katika siku zilizofuata, wakiomba chakula kwa zamu ili wanaobaki wafundishwe.

Budha alifundisha kwa miaka 45 akitembea katika bonde la mto Ganga. Maneno yake yalihifadhiwa kwa kukaririwa, na kwa mujibu wa mapokeo yalianza kuandikwa katika kisiwa cha Sri Lanka katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Ni kutoka kisiwa hicho walikotoka Wasinhala walioanzisha hekalu la Kibudha mjini Dar es Salaam mwanzoni mwa karne ya 20.

Alifariki Kusinara akiwa na miaka 80, baada ya kuugua kufuatia chakula alichoandaliwa na mhunzi Cunda. Mojawapo ya maagizo yake ya mwisho lilikuwa kwamba Cunda asilaumiwe. Usiku huo, akiwa amelala kati ya miti miwili, msafiri aliyeitwa Subhadda alikuja kuuliza swali. Ananda alimzuia mara tatu ili mgonjwa asichoshwe. Budha alisikia, akaagiza aachwe apite.

Subhadda alitaka kujua kama walimu wote mashuhuri wa zama hizo walikuwa wameipata kweli kama walivyodai, au baadhi yao tu. Budha hakumtaja hata mmoja. Alimwambia aliache swali hilo, atazame kama katika mafunzo yoyote mna Njia ya Sehemu Nane; ikiwamo, waliokombolewa watapatikana humo, na isipokuwamo hawatapatikana. Kisha akamweleza. Subhadda akaomba kupokewa, akawa wa mwisho kupokewa mbele yake. Kabla hakujapambazuka, Budha alikuwa amekata roho.